Mstari Mweupe Nyuma ya Ndege

Ndege mbili zinaweza kupita juu ya mji mmoja zikiachana kwa dakika chache tu. Ya kwanza inaburuta mkia mfupi unaofutika upesi kadiri ndege inavyosonga. Ya pili inachora mstari kutoka upeo hadi upeo, na baada ya saa moja mstari ule umenenepa, umechakaa kingo zake, na umekuwa utando mweupe unaopunguza ukali wa jua. Anayetazama kutoka chini huona ni haki kudhani kwamba ndege hizo hazifanani: labda moja ina injini chakavu, au inamwaga kitu. Lakini ndege hizo zinaweza kuwa za aina moja, zenye mafuta yaleyale. Kinachotofautiana ni hewa zinamopita, na mstari ule unatusomea habari za hewa hiyo, kilomita kumi na zaidi juu ya vichwa vyetu.

Tuanze na maji yenyewe, maana mstari ule ni maji. Ndege za jeti huchoma mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Yakiungua, haidrojeni iliyomo ndani yake huungana na oksijeni ya hewani na kuzaa maji katika hali ya mvuke. Kilo moja ya mafuta hutoa takriban kilo 1.25 za maji. Uzito unazidi ule wa mafuta kwa sababu oksijeni imetoka nje, haikuwemo kwenye tangi. Ndege ya kawaida ya injini mbili, inayobeba abiria kama 150, huchoma takriban kilo tatu za mafuta kwa kila kilomita inapokuwa imetulia angani. Kwa hiyo huacha nyuma yake kilo nne hivi za maji kwa kilomita, yaani lita nne, ambazo ni sehemu ya tano ya ndoo ya lita 20. Kiasi hicho tukikumbuke, kwa sababu baadaye kitatushangaza.

Mvuke huo unapotoka kwenye injini hauonekani. Moshi wa injini una joto la mamia ya nyuzi, na maji hayawezi kuwa matone katika joto hilo. Ndiyo maana ukitazama vizuri, hasa kwa darubini, utaona uwazi wa makumi ya mita kati ya injini na mahali mstari unapoanzia. Uwazi huo ni jambo la kuzingatia kwa yeyote aliyewahi kuambiwa kwamba ndege zinapulizia watu sumu. Kitu kinachopuliziwa kingeonekana tangu mdomoni mwa bomba. Mstari huu huzaliwa nyuma, kwenye hewa, baada ya moshi na baridi kukutana.

Kukutana huko ni jambo ambalo watu wa Njombe na Makete wanalijua asubuhi za Juni na Julai, pumzi ya mtu inapogeuka ukungu mbele ya uso wake. Hewa ya moto hubeba mvuke mwingi sana kuliko hewa ya baridi, na uwezo huo hushuka kwa kasi kubwa joto linapopungua. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke. Kwenye nyuzi sifuri hubeba gramu tano tu. Ukizichanganya nusu kwa nusu, unapata hewa ya nyuzi 15 hivi iliyo na gramu kumi na saba na zaidi, wakati uwezo wake ni gramu 13 tu. Ziada lazima itoke, na inatoka kama matone. Kwa ndege, mchanganyiko huo hutokea ndani ya muda wa sekunde moja, katika hewa yenye baridi ya nyuzi 40, 50 au hata 60 chini ya sifuri.

Matone nayo yanahitaji kitu cha kushikilia. Injini inakileta: chembe ndogo mno za masizi, mabilioni kwa mabilioni. Maji hujikusanya juu ya chembe hizo, na kwa baridi ile huganda papo hapo. Kwa hiyo tunachokiona kutoka chini ni fuwele za barafu, kila moja ndogo kuliko unene wa unywele, zinazorudisha mwanga wa jua kama wingu lingine lolote.

Mjerumani Ernst Schmidt alieleza hesabu ya mchanganyiko huo mwaka 1941, na Mmarekani Herbert Appleman akaiboresha mwaka 1953 ili itumike na wanahewa wa jeshi. Haukuwa udadisi wa kitaaluma peke yake. Katika Vita vya Pili vya Dunia, makundi ya ndege za mabomu juu ya Ulaya yalionekana kutoka mbali kwa sababu ya mistari yake, na rubani alihitaji kujua ni kimo gani kingemsaliti. Hesabu hiyo humpa jibu: kwa mgandamizo fulani wa hewa na unyevu fulani, kuna kiwango cha joto ambacho juu yake mstari hauzaliwi kabisa.

Hapo ndipo anga la Afrika Mashariki linapotofautiana na la Ulaya. Karibu na ikweta, hewa ya kilomita kumi juu ina wastani wa nyuzi 35 hivi chini ya sifuri, wakati Ulaya kimo hicho hicho hukaribia 50 chini ya sifuri. Ndege inayopita juu ya Dodoma kwa kilomita kumi inaweza isiache chochote, na nyingine kwenye kilomita 12 ikaacha mstari. Ndege za mapanga zinazofanya safari za ndani huruka chini zaidi, ambako hakuna baridi ya kutosha, kwa hiyo usitarajie mkia kutoka kwake. Ndugu zetu walioko London au Minneapolis wanaona mistari mingi kuliko sisi kwa sababu mbili: ndege ni nyingi, na baridi iko karibu zaidi na ardhi.

Baridi basi ndiyo inayoamua kama mstari utazaliwa. Kama utaishi ni habari nyingine, na hiyo huamuliwa na unyevu.

Barafu hushika maji kwa nguvu kuliko maji yanavyojishika yenyewe. Kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, hewa inayobeba takriban theluthi mbili tu ya mvuke unaohitajika kuunda matone tayari imeshiba kwa upande wa barafu. Ikiwa hewa ni kavu kuliko hapo, fuwele hupoteza maji yake na kurudi kuwa mvuke moja kwa moja, bila kupitia hali ya umajimaji. Huo ndio mkia mfupi unaofutika. Ikiwa hewa ina unyevu zaidi ya kiwango hicho, fuwele hazipotei. Zinaanza kunyonya mvuke uliozizunguka na kunenepa.

Jambo la ajabu ni kwamba hewa ya namna hiyo inaweza kuwa safi kabisa, bila wingu hata moja. Ina mvuke wa ziada, lakini haina chembe za barafu za kuanzishia. Inaweza kukaa hivyo kwa saa nyingi hadi ndege ipite na kuzileta. Kuanzia hapo zile lita nne kwa kilomita zinakuwa sehemu ndogo tu ya hesabu, maana karibu barafu yote ya mstari uliokomaa hutoka angani. Ndege imetoa mbegu tu.

Matabaka hayo ya hewa yenye ziada ni mapana lakini membamba. Mara nyingi unene wake ni mita mia chache tu. Ndege zinazopishana angani hutenganishwa kwa mita 300 hivi za kimo, na tofauti hiyo inatosha moja kuwa ndani ya tabaka na nyingine kuwa nje. Hapo tumepata jibu la zile ndege mbili juu ya mji mmoja.

Kutanuka huanzia kwenye mabawa. Kila bawa huacha nyuma yake mzunguko wa hewa unaovuta moshi wa injini ndani yake, na ndiyo sababu mistari miwili au minne hujikusanya haraka kuwa miwili iliyosokotwa. Mizunguko hiyo hushuka pole pole kabla ya kuvunjika, kwa hiyo mstari tayari una urefu wa kwenda chini. Kisha upepo unashika kazi. Upepo wa juu haulingani na upepo wa mita mia mbili chini yake, kwa kasi wala kwa uelekeo, na sehemu ya juu ya mstari huvutwa upande mmoja huku ya chini ikibaki nyuma. Fuwele nzito zaidi hudondoka na kubebwa na upepo mwingine. Mstari unakuwa utepe, na utepe unakuwa shuka.

Mfano mmoja ulifuatiliwa kwa makini. Tarehe 20 Machi 2009, ndege kubwa ya kijeshi yenye rada ilikuwa inazunguka duara baada ya duara juu ya Bahari ya Kaskazini, mashariki ya Uingereza. Hewa ilikuwa na baridi na unyevu wa kutosha. Kwa kuwa upepo ulikuwa unausukuma mstari wakati ndege ikiendelea kuzunguka, picha za setilaiti zilionyesha umbo kama la springi iliyovutwa. Wanasayansi wa Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza wakiongozwa na Jim Haywood waliufuata kwa saa nyingi ulivyoelea kuelekea nchi kavu na kutanda, hadi ukawa wingu jembamba lililofunika zaidi ya kilomita za mraba 50,000. Eneo hilo linakaribia kulingana na Rwanda na Burundi ukizichukua pamoja na kutoa maziwa yake. Wingu lote hilo lilianzishwa na ndege moja.

Kwa nini ndege moja iwashughulishe wanasayansi hivyo? Wingu jembamba la juu hufanya mambo mawili. Mchana hurudisha sehemu ya mwanga wa jua angani, na hivyo hupoza. Usiku na mchana huzuia joto linalopanda kutoka ardhini lisitoke. Usiku hakuna jua la kurudisha, kwa hiyo mstari wa usiku huongeza joto tu. Kwa jumla kuongeza joto ndiko kunakozidi, na kwa makadirio mengi mchango wa mistari hiyo kwa sasa unalingana na ule wa hewa ya ukaa iliyotolewa na ndege zote tangu usafiri wa anga uanze, ingawa kiwango chake kamili bado kinabishaniwa.

Tofauti ni kwamba hewa ya ukaa hukaa angani kwa karne nyingi, na mstari huisha ndani ya siku moja. Tena sehemu kubwa ya joto hilo hutoka kwenye safari chache zinazoangukia tabaka lenye unyevu wakati mbaya. Kwa kuwa matabaka ni membamba, rubani anaweza kupanda au kushuka mita mia chache akalikwepa. Mwaka 2023 shirika la ndege la American Airlines na kampuni ya Google walitangaza matokeo ya jaribio la safari 70: marubani waliopewa ramani za utabiri wa matabaka hayo walipunguza urefu wa mistari yao kwa asilimia 54 wakilinganishwa na wenzao ambao hawakubadili kimo. Mafuta yaliyotumika kwenye safari zilizokwepa yaliongezeka kwa asilimia mbili.

Kikwazo kikubwa kilichobaki ni utabiri. Joto la kilomita 11 juu linajulikana vizuri kila siku, lakini unyevu wa kimo hicho hupimwa mahali pachache, na vifaa vingi vinavyorushwa kwa puto huupima vibaya katika baridi kali. Tabaka lenye unene wa mita 400 linaweza kupita katikati ya vipimo bila kuonekana, na rubani aliyeambiwa apande ili kulikwepa akajikuta ameingia ndani yake. Kwa sababu hiyo baadhi ya ndege za abiria sasa hubeba vipima unyevu vyake zenyewe, zikituma taarifa chini wakati zinaruka, ili ndege inayokuja nyuma yake ijue hewa ya mbele ikoje.