Bei ya Picha Imefichwa Kwenye Njia za Rasta

Mpiga picha wa Kiogoro, kule Nyaribari Chache, hutoza picha kwa idadi na ukubwa. Picha moja ni bei moja, awe mteja amenyoa au amesukwa rasta hadi kiunoni. Hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa sababu kichwa kilichosukwa kina kazi ya kompyuta ambayo kichwa kilichonyolewa hakina.

Tuseme mhitimu wa Chuo Kikuu cha Kisii amesuka mistari tisa ya kurudi nyuma, na bei ya picha iliyosafishwa ni shilingi 300. Kusafisha njia ya kila mstari kukichukua dakika mbili, hizo ni dakika 18. Ongeza dakika tano za kupunguza mng'aro wa ngozi na saba za kuondoa nywele zilizochomoza, unafika nusu saa. Mwenzake aliyegawanywa kichwa kwa vijisanduku, vikionekana 40 mbele ya kamera, atachukua zaidi kidogo ya saa moja na nusu kwa bei ileile. Wa kwanza analipia kazi kwa kiwango cha shilingi 600 kwa saa, wa pili hafikishi hata 200.

Muda huo unaliwa na mpaka wa nywele na ngozi. Unywele uliokatiza njia unaonekana rahisi kufuta kwa Healing Brush, lakini brashi hiyo huchanganya rangi za pembeni. Ikigusa msuko mweusi, huvuta weusi kuuleta kwenye ngozi, na njia inabaki na doa la kijivu kama masizi. Dawa ni kuichagua njia kwanza kwa kufuata ukingo wa msuko, kisha kufuta ndani ya eneo hilo tu, kwenye tabaka jipya ili picha asili isiguswe. Njia ikipinda kidogo, iache ipinde. Hakuna mkono wa msusi unaochora kwa rula, na njia iliyonyooshwa kupita kiasi humfanya mteja aonekane amevaa wigi.

Nywele zilizochomoza hutegemea pazia la nyuma. Pazia likiwa jeupe, Clone Stamp ikiwekwa Lighten hugusa tu kilicho cheusi kuliko pazia, hivyo unywele unatoweka na pazia linabaki salama. Pazia jeusi lina afueni yake, maana nywele hizo hazionekani sana. Zile laini za kwenye paji la uso nashauri ziachwe. Ukizifuta, uso unakatika ghafla pale nywele zinapoanzia, na mama mzazi ataligundua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mng'aro ndio wenye kesi kubwa zaidi, nao asili yake si kompyuta. Kisii iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana hupiga utosini karibu moja kwa moja. Kichwa kilichotoka saluni kina mafuta na jeli, na kila njia inageuka utepe mweupe. Utepe huo ukiwa bado na rangi ya ngozi ndani yake, utapunguzwa: Clone Stamp kwenye Darken, nguvu asilimia 20 hivi, ukichukua rangi kutoka ngozi ya jirani na kurudia taratibu. Usiumalize wote. Ngozi isiyong'aa hata kidogo hufanana na iliyopakwa unga.

Lakini kama kamera imeandika weupe mtupu, yaani 255 katika rangi zote tatu, hakuna ngozi iliyobaki ya kurudisha. Hapo mhariri hasafishi tena, anachora ngozi kwa kubahatisha. Kitambaa kikavu kilichogandamizwa taratibu juu ya njia kabla ya kupiga, na kivuli cha ukuta badala ya jua la saa sita, vinaokoa kazi ambayo hakuna programu itakayoiweza.

Kiwango cha usafi nacho kifuate matumizi. Picha ya kwenda WhatsApp ikitazamwa kwenye simu, unywele mmoja hauonekani. Ileile ikichapishwa inchi 12 kwa 18 na kutundikwa sebuleni, unaonekana kutoka kwenye kochi. Na saluni ikitaka picha kutangaza kazi ya msusi wake, njia zisiguswe kabisa. Mteja anayefuata ataonyesha picha hiyo na kudai njia kama zile, na msusi ndiye atakayelaumiwa.

Kwa wenye studio, badilisheni orodha ya bei: mistari iwe na bei yake, vijisanduku bei yake, na picha ya fremu kubwa iongezewe. Mteja aambiwe siku anapoweka nafasi, kabla hajakaa kwenye kiti cha msusi.