Siku Kumi za Punguzo

Mwenye duka amepokea unga kwa mkopo. Chini ya ankara ya shilingi 1,000,000, yenye tarehe 1 Machi, pameandikwa “2/10, n/30”. Maana yake: akilipa ndani ya siku 10 atapunguziwa asilimia 2, asipolipa mapema, deni lote lilipwe ndani ya siku 30.

Basi hadi 11 Machi atatoa 980,000. Akisubiri hadi 31 Machi, atatoa milioni kamili. Hiyo 20,000 inaonekana ndogo, lakini ndiyo bei ya kukaa na 980,000 za mwenzake kwa siku 20 tu. Kwa mwaka ni kama riba ya asilimia 37. Hata akikopa benki kwa asilimia 18, siku hizo 20 zitamgharimu takriban 9,700, naye abaki na zaidi ya 10,000.

Wengi hukosea kuhesabu. Kwa kawaida siku huanzia tarehe ya ankara, si siku unga uliposhushwa, na Jumapili zimo. Ankara ikichelewa njiani wiki nzima, punguzo limebakiza siku tatu.