Aliyeusiwa akitia saini kuwa shahidi

Katika uwanda wetu wa Makonde, mali tangu zamani ilifuata upande wa mama, toka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Katika mirathi ya Kiislamu mtoto wa dada harithi iwapo watoto wa marehemu wapo. Ndiyo maana wazee wengi wa Tandahimba hutaka kumwachia mpwa wao kitu kwa wasia, na sharia inawaruhusu, maadamu hauzidi theluthi ya mali inayobaki baada ya mazishi na madeni.

Tuchukue mfano. Mzee ameacha mikorosho 60 inayolingana thamani, naye hana deni. Amemuusia mpwa wake 12. Theluthi ni 20, hivyo kiasi hakina tatizo. Tatizo liko chini ya karatasi: mashahidi ni wawili tu, jirani mmoja na mpwa mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyeandika, na mwandiko wake ni mzuri.

Watoto wa marehemu wakikubali kwamba baba yao aliusia hivyo, hakuna mgogoro. Wakikana, ushahidi wa mpwa huanguka, kwani katika fiqhi ushahidi wa mtu anayejivutia manufaa haupokelewi. Lakini hapa wengi huchanganya mambo: kilichoanguka ni ushahidi, si wasia. Saini yake haiharamishi mikorosho ile. Ila yeye hawezi kuithibitisha kwa kauli yake kama shahidi.

Anabaki jirani. Katika madhehebu yetu ya Shafii, madai ya mali huthibiti kwa wanaume wawili waadilifu, au mwanamume mmoja na wanawake wawili, au shahidi mmoja mwanamume pamoja na kiapo cha mdai. Basi jirani akiwa mwadilifu, na mpwa akaapa, 12 zake zinathibiti. Jirani akiwa amekwisha kufariki naye, mpwa hana shahidi mkononi.

Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, inayotumika nchini kwa wasiofuata sheria ya Kiislamu wala ya mila, ni kali zaidi. Humo wasia husimama, lakini zawadi ya shahidi hubatilika, hata ya mume au mke wa shahidi. Kwa Shafii, ushahidi wa mke kwa mumewe hupokelewa kwa kauli yenye nguvu. Unaokataliwa ni wa mzazi kwa mwanawe na wa mwana kwa mzazi. Kwa hiyo baba wa mpwa naye asingefaa kuwa shahidi, ijapokuwa yeye hakuusiwa hata mti mmoja.

Mzee akiwa hai, dawa ni nyepesi: awaite wanaume wawili wasiopata chochote humo, wasikie kauli yake na watie saini. Mpwa na aandike, kisha aweke kalamu chini.