Fahamu: Namna ya kusafisha miwani bila kuudhuru utando wake

Lenzi nyingi za miwani za zama hizi si kioo bali ni plastiki, na aghalabu hupakwa utando mwembamba mno wa kuzuia mng'ao, ambao utautambua ukiinamisha miwani kuelekea dirishani, nuru ikarudi na rangi ya kijani au zambarau.

Adui wa utando huo ni vumbi kuliko doa lenyewe. Kwani mtu asuguapo lenzi kavu kwa pindo la kanga au shati, chembe za mchanga huburutwa juu yake zikaacha mikwaruzo. Basi kwanza pitisha maji ya uvuguvugu, wala yasiwe ya moto, kwa sababu joto huitanua plastiki kuliko utando, nao ukapasuka nyufa ndogo ndogo mfano wa wavu. Kisha tia tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na mafuta ya kulainisha mikono, usugue taratibu kwa ncha za vidole pande zote mbili, hata pale miwani inapokalia pua, ambapo mafuta ya uso hujificha. Suuza, kung'uta, ukaushe kwa kitambaa laini kilicho safi.

Siki na amonia ziepuke. Ama mkwaruzo, yaani mstari usiotoka kwa kuoshwa, hauna dawa: asuguaye kwa dawa ya meno huukwangua utando ulio kandokando, akapata ukungu mahali pa mstari mmoja. Ukiwa pembeni, uache. Ukiwa mbele ya mboni, badilisha lenzi.