Jenta Ikishuka Kwenye Damu: Namna ya Kusoma Nusu-uhai Kwenye Grafu

Mtu mzima wa kilo 60 akiandikiwa jentamaisini, dozi yake ya siku huwa kama miligramu 300, yaani miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili. Wodini wengi huiita jenta tu. Ni dawa ya zamani, ilitangazwa mwaka 1963 baada ya kupatikana kwa vijidudu wa udongoni, na hadi leo hutumika dhidi ya bakteria wakali wa damu na wa njia ya mkojo. Ina bei nafuu na nguvu nyingi, ila ina tabia moja mbaya: ikibaki mwilini kwa wingi bila kupata nafasi ya kushuka, huumiza figo na masikio, na usikivu ukishapotea kwa sababu yake mara nyingi haurudi. Ndiyo maana mtu anayeitumia kwa umakini hutaka kujua inashuka kwa kasi gani. Kipimo cha kasi hiyo ni nusu-uhai: muda ambao kiwango cha dawa kwenye damu huchukua kushuka hadi nusu yake.

Tumfuate mgonjwa wetu wa mfano. Figo zake ni nzima, dawa imeingia kwa dripu ya nusu saa, na damu yake inapimwa mara nyingi kuliko daktari yeyote angethubutu kumtoboa mtu. Saa 1 baada ya dripu kuanza, kila lita ya damu ina miligramu 16. Saa ya pili zimebaki 12, ya tatu 9.2, ya nne 7, ya sita 4, ya nane 2.3, na ya kumi na mbili hata miligramu moja haifiki. Ukiziweka namba hizi kwenye grafu, saa zikilala chini na miligramu zikipanda juu, unapata mstari unaoanza kwa mteremko mkali kisha unazidi kulegea kadiri unavyokwenda kulia, ukiukaribia mhimili wa chini bila kuugusa.

Kusoma nusu-uhai hapo kunahitaji rula na penseli. Chagua kiwango chochote kwenye sehemu inayoshuka, tuseme 16. Nusu yake ni 8. Kutoka kwenye 8 ya mhimili wa wima chora mstari wa kulala mpaka ukutane na mkunjo, kisha shuka moja kwa moja hadi kwenye saa. Utaangukia saa tatu na nusu. Tulianzia saa 1, kwa hiyo nusu-uhai ni saa mbili na nusu. Jibu ni ule umbali kati ya nyakati mbili, si ule wakati wa mwisho uliosomwa. Wanafunzi wengi huandika 3.5 kwa sababu ndiyo namba ambayo kidole kimeishia.

Sasa rudia, ukianzia pengine. Kutoka 8 hadi 4: saa tatu na nusu hadi saa sita, yaani saa mbili na nusu tena. Anzia 12, ambayo iko saa ya pili, na utaikuta 6 saa nne na nusu. Popote uanziapo, muda wa kupoteza nusu ni uleule, ingawa nusu yenyewe inazidi kuwa ndogo. Hiyo ndiyo sifa ya mkunjo wa namna hii. Kuirudia hesabu mara ya pili kunakuhakikishia kwamba unachokisoma kweli ni nusu-uhai.

Kwa nini iwe hivyo? Chukua pipa la lita 15 za maji ya chumvi. Kila saa, kidogo kidogo, lita kama 4 za maji hayo zinapitishwa kwenye chujio linalonasa chumvi yote, na maji safi yanarudi pipani. Mwanzo maji yana chumvi nyingi, kwa hiyo lita hizo 4 zinaacha chumvi nyingi kwenye chujio. Baadaye maji yamepoa chumvi, na lita 4 zilezile zinaacha kidogo. Chujio halijachoka, kazi yake ni ileile, kilichopungua ni chumvi iliyomo. Kwa mgonjwa wetu, jenta imeenea katika maji ya mwili ya kadiri ya lita 15, na figo zinasafisha lita kama 4 kwa saa. Matokeo yake ni kwamba kila saa inaondoka karibu robo ya dawa iliyokuwepo mwanzoni mwa saa hiyo. Ni robo ya iliyokuwepo, si robo ya dozi. Mtu anayesema kwamba nusu ikitoka kwa saa mbili na nusu, basi yote itakwisha kwa saa tano, amechanganya hayo mawili. Baada ya nusu-uhai mbili robo bado imo, na baada ya tano imebaki sehemu moja kwa thelathini na mbili.

Hospitali hazichukui vipimo saba. Vikifanyika, huwa viwili, na viwili vinatosha. Tuseme tuna cha saa ya pili, miligramu 12 kwa lita, na cha saa ya nane, 2.3. Hesabu kwa kichwa: 12 ikigawanywa kati ni 6, tena ni 3, tena ni 1.5. Namba yetu imepita 3 lakini haijafika 1.5, kwa hiyo nusu zimepita mbili na kitu, tuseme 2.4. Saa zilizopita ni 6. Sita kwa 2.4 ni mbili na nusu. Mwenye kikokotoo anapata jibu hilohilo kwa kanuni hii, ambapo C1 na C2 ni viwango viwili, na t1 na t2 ni saa zake:

```
t½ = 0.693 × (t2 − t1) / ln(C1 / C2)
```

Mgonjwa wa pili ana uzito uleule na dozi ileile, ila figo zake zimedhoofika. Saa 1 damu yake ina 16 kama ya mwenzake. Saa ya nane bado ina 10. Kwa saa saba haijafika hata nusu, na kanuni inatoa nusu-uhai ya saa 10 na kidogo. Mgonjwa wa kwanza alishuka hadi miligramu 1 kwa lita, kiwango ambacho kwa kawaida hutakiwa dawa iwe chini yake kabla ya dozi nyingine, kwenye saa ya kumi na moja. Huyu wa pili anahitaji kupoteza nusu mara nne ili kutoka 16 hadi 1, na kwa kasi yake hiyo ni zaidi ya saa 41. Kesho yake asubuhi, saa 24 baada ya dozi, bado ana miligramu zaidi ya 3. Akichomwa nyingine kwa sababu tu ratiba inasema kila siku, dozi mpya inapanda juu ya mabaki, na kesho kutwa mabaki yatakuwa makubwa zaidi. Figo zilizodhoofika zinachelewesha dawa, na dawa iliyochelewa inazidi kuzidhoofisha. Daktari akiiona grafu hiyo, ama ataziachanisha dozi hadi saa 48 au zaidi, ama atatafuta dawa nyingine.

Watoto wachanga nao wana mkunjo wao. Figo zao bado hazijakomaa, kwa hiyo nusu-uhai ya jenta kwa mtoto aliyetimiza miezi huwa kama saa 5 au 6, na kwa njiti huwa ndefu zaidi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na mara nyingi makosa hutokea kabla haijaanza. La kwanza kwa ubaya kwetu sisi, nadhani, ni saa. Ndugu anaulizwa mgonjwa alichomwa lini, anajibu "saa mbili," naye anamaanisha asubuhi. Mwingine anaandika 02:00 badala ya 08:00, na saa sita zisizokuwepo zinaingia kwenye hesabu. Dawa inaonekana kushuka polepole kuliko ukweli. La pili ni mahali pa kuchukulia damu. Ikivutwa kwenye kanula ileile iliyopitisha dawa, masalia yaliyomo yanakipandisha kiwango, na namba inayotoka ni ya mpira, si ya mgonjwa. Ukiona 60 pale ulipotarajia 16, shuku sampuli kwanza.

Pia zipo sehemu za grafu zisizofaa kusomwa. Mara tu dripu inapokwisha, dawa bado inatoka kwenye mishipa kuingia katika maji ya mwili, na mstari hushuka kwa kasi isiyotokana na figo. Ukianzia hapo utapata nusu-uhai fupi ya uongo. Upande wa pili, mkiani, kuna kiasi kidogo cha jenta kilichojificha ndani ya chembe za figo ambacho hutoka taratibu kwa siku nyingi, na ukisomea huko utapata ndefu mno. Soma katikati.

Wataalamu hupendelea kuchora kwenye karatasi ya logi, ambayo mhimili wake wa wima unakwenda 1, 10, 100 kwa hatua zilizo sawa. Hapo mkunjo wetu unanyooka kuwa mstari, na ile mianzo na mikia yenye udanganyifu inaonekana kwa kupinda kwake. Angalizo moja: katika karatasi hiyo, nukta iliyo katikati ya 1 na 10 si 5, bali ni kama 3.2. Tafuta namba 5 yenyewe, usigawe urefu kwa rula.

Wala si kila kitu kinachoshuka kwenye damu kina nusu-uhai isiyobadilika. Pombe, kwa viwango ambavyo wanywaji wengi hufikia, huondolewa na ini kwa kiasi kilekile kila saa, kama miligramu 15 kwa kila mililita 100 za damu. Kutoka 80 hadi 40 huchukua karibu saa 2 na dakika 40, lakini kutoka 40 hadi 20 ni nusu ya muda huo. Kwenye grafu ya kawaida huo ni mstari ulionyooka. Fenitoini, dawa ya kifafa, nayo huanza kufuata njia hiyo viwango vikipanda. Ukipima nusu mara mbili na nyakati zisilingane, acha kutaja nusu-uhai moja.

Hospitali isiyo na kipimo cha jenta hutegemea kipimo cha kreatinini ya damu, kinachoonyesha figo zinavyochuja, na kwa hicho hukisia mkunjo utakuwaje. Kwa hiyo wewe au mzee wako akiwekwa kwenye sindano hizi kwa siku kadhaa, uliza kama figo zimepimwa. Na mkojo ukipungua, masikio yakianza kuvuma au kizunguzungu kikija, mwambie daktari au nesi kabla ya sindano inayofuata, si baada yake.