Ukuta Unaosema: Upangishaji wa Nafasi za Matangazo katika Vituo vya Biashara

Katika mazungumzo ya kila siku husemwa kwamba fulani "ameuza ukuta" wake kwa mtangazaji. Kauli hii inapotosha kidogo. Kinachotolewa si ukuta, bali ni haki ya kuutumia kwa muda uliowekewa mipaka. Kwa hivyo kitenzi kinachofaa ni kupangisha. Tofauti hii si ya msamiati tu. Aliyeuza hana neno tena, ilhali aliyepangisha anaweza kudai kodi, kuweka masharti na kurudishiwa mali yake. Wenye maduka wengi nchini Kenya wamewahi kukubali kuta zao zipakwe rangi za kampuni kubwa bila malipo, wakiridhika kwamba duka limependeza. Makala haya yananuia kueleza jinsi ukuta huohuo unavyoweza kupangishwa kwa mfanyabiashara wa karibu, na mahali ambapo mapatano ya aina hii huharibika.

Chukulia duka la rejareja katika kituo cha biashara kama Kagio, Kaunti ya Kirinyaga. Ukuta wake wa ubavuni una upana wa mita 5 na kimo cha mita 2.4, nao unatazamana na steji ya matatu iliyo ng'ambo ya barabara, umbali wa mita 30 hivi. Mita 200 kutoka hapo pana agroveti isiyoonekana kutoka barabarani. Huyu ndiye mteja wa kufuatwa kwanza, kwa sababu anachohitaji ni kile hasa ambacho ukuta unaweza kumpa: kuwaambia wakulima wanaoshuka steji kwamba yupo, na waelekee wapi.

Kabla ya kumfuata, yafaa lijibiwe swali moja: ukuta ni wa nani? Mara nyingi mwenye duka ni mpangaji, na kodi anayolipa ni ya chumba cha ndani. Upande wa nje hubaki mikononi mwa mwenye nyumba isipokuwa mkataba useme vingine. Mpangaji akichukua pesa za tangazo kimyakimya, mwenye nyumba aweza kulifuta kwa ndoo moja ya rangi, na agroveti itamdai mpangaji. Hali ni hiyohiyo kwa mkokoteni. Wasukumaji wengi hukodi mikokoteni kwa siku, na anayeusukuma leo huenda asiwe nao kesho. Kibao cha ubavuni mwa mkokoteni basi hukubaliwa na mwenye mkokoteni, na msukumaji akatengewa fungu lake. La sivyo hatakuwa na sababu ya kukitunza, na atakifunika kwa magunia.

Pili, ukuta wenyewe ukaguliwe. Upanguswe kwa kitambaa cheusi: kikitoka na unga mweupe, chokaa ya zamani imelegea, na rangi yoyote itakayopakwa juu yake itabambuka mvua za kwanza zikinyesha. Sharti ukwanguliwe kwanza. Aidha, mwenye duka asimame kwenye steji asubuhi, adhuhuri na siku ya soko. Ukuta ulio wazi saa moja asubuhi huenda ukawa umefichwa na bodaboda au marundo ya nyanya ifikapo saa nne, na agroveti haitalipia kisichoonekana.

Baada ya hayo ndipo lije suala la maneno, ambalo wachoraji wengi hulikosea. Kanuni inayotumiwa ni kwamba kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na kimo cha sentimita 2.5 hivi ili isomeke bila taabu. Kwa anayesoma kutoka mita 30, basi, tunahitaji sentimita 25. Herufi ya kimo hicho, pamoja na mwanya wake, huchukua takribani sentimita 20 za upana, kwa hivyo mstari mmoja hauwezi kubeba zaidi ya herufi 25, nafasi za kati zikihesabiwa. Sentimita 60 za chini ziachwe tupu kwa ajili ya matope na migongo ya watu. Panabaki nafasi ya mistari minne tu. Mwenye agroveti atataka kuorodhesha kila dawa aliyo nayo. Akatazwe kwa upole.

Hata mgawanyo wa mistari una athari katika maana. "MBEGU NA DAWA" ikikaa juu na "ZA MIFUGO" chini, msomaji anaweza kufahamu kwamba mbegu nazo ni za mifugo, yaani za kupandikizia ng'ombe. Sarufi ya kihusishi cha a-unganifu haimzuii kusoma hivyo. Ni bora mstari wa kwanza uwe jina la duka, wa pili "MBEGU", wa tatu "DAWA ZA MIFUGO", na wa nne "MITA 200 KUSHOTO" pamoja na mshale. Mshale huo una faida kuliko nambari ya simu, kwani msomaji yuko hatua mia chache tu kutoka dukani.

Kuhusu bei, tutumie tarakimu za mfano. Ukuta huu una mita 12 za mraba. Kwa kuwa lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita 10 za mraba kwenye plasta laini, mipako miwili itahitaji chini ya lita 3. Tuseme rangi hiyo, rangi ya mafuta ya herufi na ujira wa mchoraji vinafika shilingi 6,000, na ada ya kaunti ni 3,000 kwa mwaka. Kodi ikiwa 1,500 kwa mwezi, mapato ya mwaka ni 18,000. Ondoa gharama hizo, zinabaki 9,000. Mwenye nyumba akipewa theluthi, mwenye duka anabaki na 6,000, yaani shilingi 500 kwa mwezi. Aliyedhani anapata 1,500 atashangaa. Vilevile, gharama zote 9,000 hutolewa mwanzoni. Ndiyo maana inafaa adai kodi ya miezi sita kabla mchoraji hajaanza kazi, ambayo ni 9,000 barabara, asije akagharimia tangazo la mtu mwingine kutoka mfukoni mwake.

Ada ya kaunti haipaswi kupuuzwa. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezikabidhi kaunti udhibiti wa matangazo ya nje, na kila kaunti huweka viwango vyake katika sheria yake ya fedha. Mkataba utaje wazi nani atalipa, kwa sababu karani wa kaunti humwendea aliye karibu, naye ni mwenye duka. Bidhaa nazo zichunguzwe: matangazo ya sigara yalipigwa marufuku na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007.

Kinachosahauliwa zaidi katika mapatano haya ni mwisho wake. Kampuni ya simu iliyoanza kwa jina la KenCell mwaka 2000 iligeuka Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Ukuta uliopakwa jina mojawapo bila mapatano ya kuliondoa ungeweza kuendelea kulitangaza baada ya jina lenyewe kufa, na aliyebaki na kazi ya kununua rangi ya kulifunika ni mwenye ukuta. Kwa agroveti yetu, sentensi moja inatosha: siku muhula unapokwisha, mtangazaji ataupaka ukuta rangi nyeupe katika muda wa siku 14, au kodi ya mwezi mmoja aliyoiweka kama amana itatumika kuupaka.