Ukitoboa tundu, kitovu cha uzito huenda wapi?

Kata duara la kadibodi ngumu lenye nusukipenyo cha sentimita 12. Ukiliegemeza kwenye ncha ya penseli pale katikati, litatulia. Sasa litoboe tundu la duara la nusukipenyo cha sentimita 6, ukingo wake mmoja ukigusa ukingo wa nje na mwingine ukipita katikati ya kadibodi. Kitovu cha uzito kimesogea upande usio na tundu, hilo kila mtu atalikisia. Kimesogea kiasi gani?

Arkimedi wa Sirakusa alithibitisha kanuni ya kulijibu swali hili katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na njia yenyewe inapendeza kwa wepesi wake. Rudisha kwa mawazo kile kipande ulichokitoa. Duara zima likiwa limekamilika, hutulia katikati. Basi kipande na kadibodi iliyobaki lazima vilingane pande mbili za katikati hiyo, kama watoto wawili kwenye pembea ya ubao.

Kadibodi ina unene mmoja kila mahali, hivyo uzito hufuata eneo, na eneo hufuata mraba wa nusukipenyo. Duara zima ni mafungu 144 (12 × 12), kipande ni 36, kilichobaki ni 108. Kitovu cha kipande kiko sentimita 6 kutoka katikati. Kwa hiyo 36 × 6 = 108 × umbali tunaoutafuta, nao ni sentimita 2.

Wengi hukosea hapa kwa kugawanya kwa 144 badala ya 108, wakapata 1.5. Kadibodi yenyewe itawasahihisha. Itundike kwenye pini karibu na ukingo, ining'inie huru, shusha timazi kutoka kwenye pini na uchore mstari unakopita uzi. Rudia ukiitundika mahali pengine, pasipokuwa mkabala na pale pa kwanza. Mistari itakutana sentimita 2 kutoka katikati. Ikikutana kwingine, huenda pini inabana au kadibodi imeloa upande mmoja.

Ninalolipenda zaidi hutokea tundu likiongezwa huku likiendelea kugusa ukingo wa nje. Kitovu cha uzito hulikimbia tundu, lakini ukingo wa tundu hukifuata kwa kasi zaidi. Nusukipenyo cha tundu kikifika takriban sentimita 7.42, ukingo hukifikia kitovu, vyote viwili vikiwa karibu sentimita 2.83 kutoka katikati ya zamani. Gawanya 7.42 kwa 12 upate 0.618, namba ile ile ya uwiano wa dhahabu, na kwa duara la ukubwa wowote itakuwa hiyo hiyo. Tundu likizidi hapo, kitovu cha uzito kimo ndani ya uwazi. Kadibodi haiwezi tena kulazwa ikatulia juu ya ncha ya penseli, kwa kuwa pale inapopaswa kuegemezwa hapana kadibodi.